Maharagwe, wali na mboga za majani: mwongozo kamili wa somo la lishe na usafi wa chakula

Katika sayansi kimu, lishe hufundishwa muhula mmoja na usafi wa chakula muhula mwingine, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba virutubisho ni habari ya jedwali la makundi ya chakula na vijidudu ni habari ya sabuni. Jikoni mambo hayaendi hivyo. Mkono unaomwaga maji yaliyolowekea maharagwe unaondoa kitu chenye madhara na wakati huohuo unapoteza kiasi kidogo cha vitamini. Kisu kinachokata majani kabla hayajaoshwa huingiza uchafu kwenye mikato na kutoa vitamini kwenye maji. Kwa sababu hiyo, somo linaloelezwa hapa limejengwa juu ya mlo mmoja tu, yaani maharagwe mekundu, wali, mboga za majani na chungwa, na kila hatua inaulizwa maswali mawili: inalinda nini, na inapoteza nini?

Vipimo vyote vinavyofuata ni vya kundi moja la wanafunzi watano. Andaa gramu 250 za maharagwe mekundu makavu, gramu 375 za mchele, gramu 400 za mboga za majani zenye rangi ya kijani iliyokolea, kitunguu kimoja, nyanya mbili, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia, chumvi na machungwa matano. Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 vinatosha, ilimradi maharagwe yaloweshwe jana yake na sufuria kuu iwekwe jikoni kabla wanafunzi hawajaingia. Mwalimu anayejaribu kupika maharagwe makavu ndani ya dakika 80 ataishia kuwapakulia wanafunzi maharagwe yasiyoiva, na tutaona muda si mrefu kwa nini jambo hilo si la kuchekewa.

Kwa nini mlo huu

Kila mwanafunzi atakula maharagwe yaliyotokana na gramu 50 za punje kavu, ambazo zina takribani gramu 11 za protini, na wali uliotokana na gramu 75 za mchele, ambao unaongeza gramu 5 hivi. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini faida kubwa zaidi haionekani kwenye jumla. Protini hujengwa na asidi amino, na mwili ukikosa moja ya zile usizoweza kujitengenezea, nyingine hazitumiki ipasavyo. Mchele una upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, ambayo imo kwa wingi kwenye maharagwe. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mchele unayo ya kutosha. Vyakula hivi viwili vinaposhiriki sahani moja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Suala la pili ni madini ya chuma. Maharagwe yana chuma kingi kwa kipimo cha maabara, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida utumboni kuliko chuma cha nyama, na kwenye maharagwe kuna pia kemikali iitwayo fitati inayokishika na kukizuia. Vitamini C ikiwa tumboni kwa wakati uleule hukigeuza chuma hicho kuwa katika hali inayofyonzeka kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu chungwa lipo kwenye mlo huu, na ndiyo sababu linaliwa pamoja na chakula badala ya kusubiri jioni. Chai hufanya kinyume, kwa kuwa tanini zake hukishika chuma. Kwa hiyo anayependa chai na ainywe saa moja au zaidi baada ya kula. Nimegundua kwamba wanafunzi hukumbuka habari ya chai kuliko kitu kingine chochote katika somo hili, pengine kwa sababu inawapa neno la kuwasahihisha wakubwa nyumbani.

Jana yake: kulowesha

Pepeta na kuchambua maharagwe kwenye sinia, ukiondoa mawe, punje zilizotobolewa na wadudu na zile zilizoota ukungu. Yaoshe, kisha yaloweshe kwa lita moja ya maji safi kwa muda wa saa 8 hadi 12. Punje zinapaswa kuongezeka takribani mara mbili ya uzito wake, na ganda liwe limetanuka bila mikunjo. Punje iliyobaki ndogo na ngumu baada ya saa 12 ni ya zamani mno; hata ikipikwa mchana kutwa huenda isilainike, hivyo iondolewe.

Mahali penye joto kali, usiyaache maji hayohayo usiku kucha bila kuyaangalia. Povu linalojaa juu na harufu ya uchachu ni dalili kwamba vijidudu vimeanza kula sukari zilizotoka kwenye punje. Badilisha maji mara moja katikati ya muda huo, au weka chombo kwenye jokofu.

Asubuhi mwaga maji yote na suuza punje kwa maji mapya. Wapo wanaoona ni hasara, na ni kweli kwamba kiasi kidogo cha vitamini zinazoyeyuka kwenye maji kinakwenda nayo. Kwa maoni yangu, mizani inaegemea upande wa kumwaga, kwa kuwa maji hayo yamebeba sehemu ya fitati, sukari zinazosababisha gesi tumboni na, kwa maharagwe mekundu, sehemu ya sumu ya asili iliyo kwenye punje yenyewe.

Sumu iliyo ndani ya punje

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu watu wengi hudhani hatari ya chakula hutoka nje daima, kwa mikono, nzi au maji. Maharagwe mekundu mabichi yana protini ya aina ya lektini ambayo hushambulia ukuta wa utumbo. Punje nne au tano tu zilizoliwa mbichi au nusu mbichi zinaweza kumfanya mtu atapike vikali ndani ya saa moja hadi tatu, kisha aharishe. Kwa kawaida hupona siku hiyohiyo, lakini hakuna sabuni wala usafi wa mikono ungeweza kumkinga. Kinachoiharibu lektini ni joto la kutosha kwa muda wa kutosha.

Neno la kusisitizwa ni «la kutosha». Maharagwe yaliyopashwa moto taratibu hadi nyuzi 80 hivi yanaweza kuwa na madhara makubwa zaidi kuliko yaliyo mabichi kabisa, kwani joto hilo haliiharibu sumu bali linaweza kuizidishia nguvu. Ndiyo maana vyombo vya umeme vinavyopika polepole kwa saa nyingi havifai kwa maharagwe mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza. Baada ya kulowesha na kumwaga maji, yachemshe kwenye maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa angalau dakika 10. Mimi huwaagiza wanafunzi waweke dakika 30, kwa sababu saa ya kuanza kuhesabu hukosewa mara nyingi, na kwa sababu mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kila mita 300 za mwinuko, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi moja hivi. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji yanatokota kwenye nyuzi 95, na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo.

Ili wanafunzi waione tofauti, weka sufuria ndogo ya kioo au ya kawaida yenye konzi moja ya maharagwe yaliyoloweshwa mbele yao, nje ya ile sufuria kuu. Waambie watazame. Kwanza vipovu vidogo vitashikamana na kuta za sufuria, kisha mvuke utatoka na maji yatatetema. Wengi watasema yamechemka. Bado. Yanapotokota kweli, mapovu makubwa hupanda kutoka chini kila mahali, punje zinazungushwa, na ukikoroga kwa mwiko mtokoto hausimami. Hapo ndipo saa inapoanza. Sufuria hiyo iachwe jikoni mpaka punje ziive kabisa. Isiepuliwe kengele inapolia.

Kuhusu kuiva, usitegemee saa wala rangi. Chukua punje tano kutoka sehemu tano tofauti za sufuria, zipoe kidogo kwenye kijiko, kisha zibonyeze moja moja kwa mgongo wa kijiko kingine. Zote tano zinapaswa kupondeka bila kuacha kiini kigumu chenye rangi nyeupe kama chaki. Nne zikipondeka na moja ikagoma, sufuria irudi motoni. Maharagwe yaliyoloweshwa vizuri huchukua dakika 60 hadi 90 kwenye sufuria ya kawaida.

Nyanya zisiingie kabla ya hatua hiyo. Asidi yake huimarisha kuta za seli za punje, na maharagwe yaliyotiwa nyanya mapema hubaki magumu hata baada ya saa tatu. Magadi hufanya kinyume na hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo. Kama mtu amelowesha vizuri hana haja nayo.

Orodha fupi ya usalama

Orodha hii ibandikwe ukutani na isomwe kwa sauti na mwanafunzi mmoja kabla ya jiko kuwashwa. Nimeifanya fupi kwa makusudi, kwani orodha yenye mistari 25 haisomwi na mtu.

- Aliyeharisha au kutapika katika saa 48 zilizopita hagusi chakula. Atakuwa mwandishi wa kundi.
- Kidonda cha mkononi kimefunikwa kwa plasta isiyopitisha maji, na glavu juu yake.
- Mwalimu ameuliza nani ana mzio wa chakula, na jibu limeandikwa.
- Nywele zimefungwa, pete na bangili zimevuliwa, mikono imeoshwa.
- Ubao na kisu cha mboga si vile vilivyotumika kwa nyama, kuku au samaki wabichi.
- Mikono ya sufuria imeelekezwa ndani ya meza. Mfuniko hufunguliwa kwa kuuinua upande ulio mbali na uso.
- Maji yakimwagika sakafuni hupanguswa papo hapo.
- Mfuniko unaotosha kila sufuria uko karibu. Mafuta yakiwaka moto, jiko huzimwa na sufuria hufunikwa, wala hayamwagiwi maji.
- Vyombo vya jaribio la iodini vimewekewa alama na havirudi kwenye meza ya chakula.

Onyesho la kwanza: mikono

Onyesho hili lisizidi dakika kumi. Changanya kijiko kikubwa kimoja cha mafuta na kijiko kidogo cha mdalasini wa unga, kisha uwapake wanafunzi watatu viganjani hadi katikati ya vidole. Wa kwanza aoshe kwa maji baridi pekee, wa pili kwa maji na sabuni kwa sekunde 5, wa tatu kwa maji na sabuni kwa sekunde 20, akisugua migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Halafu kila mmoja ajifute kwa karatasi nyeupe na karatasi hizo ziwekwe mezani kwa mpangilio. Yule wa pili ndiye anayefundisha zaidi: viganja vyake vinaonekana safi, lakini ukimwambia akunje vidole, utaona mdalasini umebaki kwenye mizizi ya kucha na upande wa nje wa kidole gumba. Mikono ya namna hiyo ndiyo ambayo mtu huapa kwamba ameiosha.

Onyesho la pili: vitamini inayokwenda na maji

Kuosha mboga ni suala la mpangilio. Majani huoshwa yakiwa mazima, kwa maji safi yanayotiririka, au kwenye beseni kwa kubadilisha maji mara tatu, huku kila jani likigeuzwa ili mchanga na mayai ya wadudu yaliyojificha nyuma yatoke. Baada ya hapo ndipo yanakatwa, na yakikatwa yanaingia sufuriani mara moja. Anayekata kwanza na kuosha baadaye hufungua maelfu ya seli, kisha huzisuuza. Maji yake yanageuka kijani, na kilichoyatia rangi si uchafu peke yake.

Ili wasiamini tu kwa maneno, tengeneza kipimo. Koroga kijiko kidogo kimoja cha wanga wa mahindi au wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, kisha ongeza maji ya moto hadi mililita 250 na uchemshe kwa dakika moja mpaka yawe maangavu. Yakishapoa, tia matone 10 ya iodini ya kupaka vidonda, ile ya asilimia 2. Maji yatageuka rangi ya bluu iliyokolea. Vitamini C huiondolea iodini rangi hiyo, kwa hiyo kadiri kimiminika kinavyokuwa na vitamini C nyingi ndivyo matone machache yanavyotosha kuufanya mchanganyiko kuwa mweupe.

Weka kijiko kidogo kimoja cha mchanganyiko huo, yaani mililita 5, kwenye kila kikombe cheupe kati ya vikombe vitatu. Katika kikombe cha kwanza dondosha maji ya chungwa lililokamuliwa sasa hivi na kuchujwa. Katika cha pili dondosha maji yaliyopoa ambayo yamechemshia gramu 100 za mboga iliyokatwakatwa katika mililita 200 za maji kwa dakika 5. Katika cha tatu dondosha maji matupu yaliyochemshwa. Tumia bomba la kudondoshea la aina moja, koroga baada ya kila tone, na hesabu kwa sauti.

Kundi moja nililolifundisha lilipata matone 6 kwa chungwa na 15 kwa maji ya mboga, na kikombe cha maji matupu kilibaki cha bluu hata baada ya matone 40. Namba zenu zitatofautiana, kwa sababu machungwa na majani hayafanani, na bomba moja hutoa tone kubwa kuliko jingine. Kinachotafutwa ni mpangilio. Kikombe cha tatu nacho kina kazi yake, na msikiache: bila hicho, mwanafunzi mjanja atasema kwamba rangi imefifia kwa sababu tu maji yameongezwa, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Elezeni pia kwamba iodini humenyuka na vitu vingine vilivyomo kwenye mimea, kwa hiyo kipimo hiki kinalinganisha vizuri lakini hakitoi miligramu za kuandika kwenye ripoti.

Kikombe cha pili ndicho kiini cha somo. Vitamini iliyomo humo ingemwagwa. Kwa hiyo, mboga ya mlo wetu haichemshwi kwa maji mengi. Inatiwa kwenye kitunguu kilichokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, pamoja na vijiko vitatu vya maji, inafunikwa, na inaepuliwa baada ya dakika 4 hadi 6, ikiwa imelegea lakini rangi yake bado ya kijani angavu. Mafuta hayo yana kazi zaidi ya ladha: karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta na hufyonzwa vibaya mlo usipokuwa na mafuta kabisa.

Baada ya jaribio, mwagia kimiminika chote kwenye sinki kwa maji mengi. Hakuna anayekionja, hata kama kimegeuka cheupe na kinanukia chungwa.

Kukamilisha na kupakua

Kaanga nusu ya kitunguu kwa kijiko cha pili cha mafuta, tia nyanya zilizokatwa, acha zipondeke, kisha mimina maharagwe yaliyokwisha kuiva na rojo lake. Rojo halimwagwi, kwani lina madini na vitamini vilivyotoka kwenye punje wakati wa kuchemka, na sumu imekwisha kuharibiwa na joto. Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa watu hao watano, ikijumuisha ya wali na ya mboga.

Kuonja nako kuna utaratibu wake. Mpishi huchota kwa mwiko, humimina kwenye kijiko chake, huonja, na kijiko hicho hakirudi sufuriani. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mwanafunzi kuonjea kwenye kiganja na kuendelea kukata mboga kwa mkono uleule aliokwisha kuulamba.

Machungwa yaoshwe hata kama ganda haliliwi, kwa maana kisu hupita kwenye ganda kwanza ndipo kikaingia kwenye nyama ya tunda.

Saa mbili za baada ya mlo

Sehemu hii hurukwa mara nyingi kwa kuwa kengele imelia, ilhali ajali nyingi hutokea hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mahali ambapo wali uliobaki mchana uliachwa ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, mezani, hadi jioni. Saa kumi na mbili ulipashwa moto hadi ukatoa mvuke, na wote tukaridhika. Saa mbili baada ya kula, walioula walianza kutapika mmoja baada ya mwingine, huku waliokula mkate wakiwa wazima. Mpishi alilia kwamba aliupasha vizuri, na alikuwa anasema kweli.

Maelezo yanayolingana na tukio la namna hiyo ni bakteria aitwaye Basilasi sereusi. Mbegu zake zipo kwenye mchele mkavu na haziuawi kwa kuchemsha. Wali unapopoa polepole, mbegu hizo huamka, huzaliana, na baadhi yake hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi kwa kupasha moto tena. Kwa hiyo, moto wa jioni unaweza kuua bakteria na kuiacha sumu yao ilivyokuwa. Hapa joto, ambalo lilikuwa mkombozi wetu kwenye maharagwe, halisaidii, na mwanafunzi anapaswa kuona tofauti hiyo waziwazi: sumu ya punje huharibiwa na kutokota, sumu hii huzuiwa tu kwa kutoiruhusu itengenezwe.

Fanyeni hesabu ubaoni. Bakteria katika chakula chenye joto na unyevu wa kumfaa anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa 64 baada ya saa mbili, 4,096 baada ya saa nne, na 262,144 baada ya saa sita. Halafu waulize wanafunzi itakuwaje ikiwa walioanza walikuwa 100. Hesabu hii ni ya hali nzuri kabisa kwa bakteria, na chakula halisi huenda kikawa na mwendo wa polepole zaidi, lakini inaonyesha kwa nini kikomo kinachotumika ni saa mbili, na kwa nini saa ya sita haiwezi kulinganishwa na ya pili.

Joto la hatari liko kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kinachosubiri walaji kikae juu ya nyuzi 60, na kinachohifadhiwa kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Sufuria kubwa iliyofunikwa ndiyo adui hapa, kwani katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi hata kama kando zimepoa. Tandaza wali au maharagwe kwenye sinia safi kwa kina kisichozidi sentimita 5, acha mvuke utoke, kisha funika na uweke kwenye jokofu. Kama kipimajoto kipo, kundi moja lipime katikati ya sufuria na jingine katikati ya sinia kila baada ya dakika 15 na kuchora mistari miwili kwenye karatasi moja ya grafu. Kesho yake kipashwe hadi nyuzi 70 katikati, mara moja tu. Pasipo na jokofu, chakula kisibakizwe: mchele upimwe kwa walaji waliopo, na hilo pia ni zoezi la hesabu.

Kumpima mwanafunzi

Sahani nzuri haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu mwanafunzi mwenye mkono mzuri wa kupika anaweza kufanya kila kitu kwa mazoea bila kujua sababu. Mimi humpa kila mmoja hali iliyoharibika na kumwuliza afanye nini. Maharagwe yametokota dakika 10, gesi imekwisha, na nyingine itapatikana baada ya saa tano: jibu linalokubalika ni kuyapoza haraka, kuyahifadhi kwenye baridi na kuyachemsha upya hadi yaive, na asiye na jokofu ayatupe. Mboga imekatwa tayari na kumbe mchanga umo: aisuuze haraka kwa maji machache, asiiloweke, na akubali kwamba vitamini kidogo zimekwenda, kwa kuwa uchafu hauvumiliwi. Wali umekaa mezani tangu asubuhi na unanukia vizuri kabisa: anayesema «niupashe kwanza» hurudi kwenye ubao wa hesabu na kuanza tena na bakteria mmoja.